Funza kwenye embe na nyanya: kusoma dalili, kuvisha mifuko na kuokota yaliyoanguka kwa wakulima wa Dodoma

Maembe yanapoanza kukomaa kanda ya kati, malalamiko ya wakulima huwa yaleyale kuanzia Mpunguzi hadi Mpwapwa. Embe ni zuri kwa nje, ukilikata limejaa funza. Nyanya zimejazwa kwenye tenga jioni zikiwa ngumu, kesho yake dalali anazikuta zimelainika na zinatoa maji. Wengine wamevisha maembe mifuko kama walivyoshauriwa na bado funza wamo, wengine wanaokota yaliyoanguka kila siku na inzi hawapungui. Mwongozo huu unazichukua dalili hizo moja baada ya nyingine, ukianza na chanzo kinachoonekana mara nyingi na ukaguzi usiohitaji zaidi ya kisu na macho.

Kwanza hesabu ya siku, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kosa liko wapi. Jike la inzi wa matunda ana mrija mkali mkiani. Anatua juu ya tunda, anatoboa ganda na kuweka mayai chini yake. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3. Funza wanakula nyama ya tunda kwa siku 7 hadi 12 hivi kwenye joto letu, kisha wanatoka na kujichimbia kwenye udongo, mara nyingi sentimita 2 hadi 5 tu. Humo wanageuka pupa, kitu cha kahawia chenye umbo la pipa dogo, na baada ya siku 10 hadi wiki 2 anatoka inzi mpya. Naye hatagi siku hiyohiyo. Anahitaji wiki moja au zaidi ya kula na kupevuka.

Mfuko unamzuia inzi asifike kwenye ganda. Kuokota matunda kunamzuia funza asifike kwenye udongo. Hizo ni njia mbili zinazofunga milango miwili tofauti, na karibu kila tatizo hapa chini linatokana na mmoja wa milango hiyo kuachwa wazi.

Dalili ya kwanza: embe bado gumu, lina nukta nyeusi na utomvu

Mara nyingi huyo ni inzi. Tafuta nukta moja moja, ndogo kama ncha ya sindano, mara nyingine ikiwa na tone la utomvu lililokauka na kung'aa. Baada ya siku chache sehemu inayoizunguka hubadilika rangi na kubonyea kidogo ukiigusa kwa kidole gumba. Chukua kisu kikali, kata ganda jembamba sana juu ya nukta, kama unavyomenya kiazi. Ukiona kijishimo kinachoingia ndani ya nyama, na mayai meupe membamba yamelala pamoja kama vipande vifupi vya uzi, umepata jibu. Usipoona mayai bali njia ya kahawia inayoelekea ndani, yameshaanguliwa.

Embe changa lina utomvu mwingi, na utomvu huo huua baadhi ya mayai. Ndiyo maana kuna maembe yenye alama ya kudungwa ambayo ukiyakata hayana kitu. Usiyahukumu yote kwa alama pekee. Kata matano au sita kutoka pande mbalimbali za mti ndipo uamue.

Chanzo cha pili ni chule, ugonjwa wa ukungu. Madoa yake ni mengi, hayana umbo maalumu, yanaungana, na mara nyingi yanateremka kama michirizi kufuata njia ya maji ya mvua au umande. Hayana tundu. Maua na majani machanga ya mti huohuo nayo utayakuta yameungua. Mfuko unaweza kusaidia kiasi, lakini chule ina dawa zake na ratiba yake ya kuanzia wakati wa maua, kwa hiyo muone afisa ugani kabla ya kununua chochote.

Chanzo cha tatu ni michubuko ya matawi na utomvu uliomwagikia ganda wakati wa kuchuma. Doa hilo huishia kwenye ganda, na nyama iliyo chini yake ni safi.

Kuna na mdudu wa kokwa, ambaye watu humchanganya na inzi. Huyu funza wake hukaa ndani ya kokwa lenyewe, ana kichwa cha kahawia kinachoonekana, na nyama ya embe kwa kawaida inabaki nzima. Ukipasua kokwa ukamkuta humo, mfuko uliovishwa embe likiwa saizi ya yai huenda ulichelewa kwake, kwa sababu yeye hutaga embe likiwa dogo zaidi.

Dalili ya pili: nimevisha mifuko, na bado funza wamo

Hili ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi, na ndilo linalohitaji kufikiriwa kwa utulivu kuliko yote. Kabla ya kusema mifuko haifanyi kazi, tafuta vitu vitatu: tarehe uliyovisha, tarehe uliyofungua, na ukubwa wa funza uliowakuta.

Chukua mfano wa shamba dogo la miembe aina ya Kent, nje kidogo ya jiji. Mama mwenye shamba alivisha mti wa kwanza tarehe 6 Oktoba, maembe yakiwa saizi ya yai la kuku. Mti wa pili aliufikia tarehe 28 Oktoba, maembe yakiwa yameshapita ngumi ya mtu mzima. Tarehe 5 Novemba akafungua mifuko michache ya mti wa pili akakuta funza wanene, warefu kuzidi punje ya mchele. Tarehe 10 Novemba akafungua mti wa kwanza. Maembe mengi yalikuwa safi, lakini machache yalikuwa na funza wadogo sana, wembamba, karibu na ganda.

Anza na mti wa pili. Kati ya kuvisha na kufungua ni siku 8. Toa siku 1 hadi 3 za yai, zinabaki kama wiki moja au pungufu, wakati funza wale walikuwa karibu kumaliza kula. Mifuko ilikuwa mizima na imekaza. Kwa hesabu hiyo mayai yaliingia kabla ya mfuko, na mama huyu alikuwa amewafungia inzi watoto wao ndani. Hiki ndicho chanzo cha kwanza kwa mbali: kuchelewa. Embe huvishwa likiwa saizi ya yai la kuku, kama siku 55 hadi 60 tangu mti kuchanua, na si linapoanza kubadilika rangi. Kwa Dodoma, ambako miembe mingi huchanua miezi ya kiangazi cha baridi, kazi hiyo huangukia karibu Septemba na Oktoba, lakini fuata mti wako kuliko kalenda, kwa sababu mti mmoja unaweza kuchanua kwa awamu mbili. Kabla ya kuvisha, lizungushe kila embe mkononi. Lenye nukta yoyote ya utomvu usilivishe. Lichume na uliharibu.

Sasa mti wa kwanza. Kuanzia tarehe 6 Oktoba hadi 10 Novemba ni siku 35, wakati maisha yote ya yai na funza ndani ya tunda hayafiki hata nusu ya siku hizo. Mayai ya Septemba yangekuwa yameshatoa funza na embe limeshaoza. Kwa hiyo funza wale wadogo wameingia hivi karibuni, mfuko ukiwa umeshavaliwa, na kazi iliyobaki ni kutafuta njia waliyopitia.

Kagua shingo kwanza, pale mfuko unapofungwa kwenye kikonyo. Kamba iliyolegea inaacha nafasi inayomtosha inzi kutembea na kuingia. Kisha kagua mishono ya pembeni. Mifuko ya gazeti iliyobandikwa kwa uji wa unga huachia ikishika maji, hivyo ni bora kuishona kwa uzi au kuibana kwa pini. Baada ya hapo tazama mahali mfuko ulipogusa embe, na hapo ndipo kosa la mti wa kwanza lilipopatikana. Embe la Kent lilikuwa limekua mpaka likaujaza mfuko, karatasi ikalala juu ya shavu la embe kama ngozi ya pili. Inzi hakuhitaji kuingia. Alidunga kupitia karatasi, na ukiurudisha mfuko kama ulivyokuwa, nukta kwenye ganda inaangukia palepale karatasi ilipokaza.

Dawa yake ni mfuko mkubwa kuanzia mwanzo. Kwa embe dogo, mfuko wa gazeti wa tabaka mbili wenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 22 unatosha. Kwa Kent na jamaa zake wakubwa usishuke chini ya 25 kwa 30. Upulize au uingize mkono ndani ufunguke kabla ya kuvisha, ili embe lining'inie katikati. Kunja mdomo wa mfuko kama kipepeo kuzunguka kikonyo, si kuzunguka embe, kisha funga kwa uzi wa katani au waya laini. Kila kishada kibaki na embe moja, au mawili ukiweza kuyavisha mbalimbali. Maembe mawili ndani ya mfuko mmoja yanasukumana hadi yanagusa karatasi pande zote.

Karatasi ya kaki inadumu kuliko gazeti mvua za Desemba zikianza. Gazeti likilowa na kukauka mara kadhaa hupasuka, kwa hiyo baada ya kila mvua kubwa pita uangalie na ubadilishe yaliyochanika. Mfuko wa nailoni usivishe kabisa. Embe linapikika kwa jua letu na jasho lake linabaki ndani likilea ukungu. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Simama hapa umwite mtaalamu ikiwa ulivisha saizi ya yai, mfuko haujagusa embe, shingo imekaza, zimepita zaidi ya wiki 3, na bado unakuta funza. Huenda unayemwona si inzi wa matunda, na kuendelea kununua mifuko ni kupoteza fedha.

Onyo moja kuhusu ngazi. Mwembe wa dodo wa zamani, mrefu kuliko nyumba, hauvishiki. Matawi ya juu ya mwembe hukatika bila taarifa, na mtu ameshika mfuko kwa mikono miwili hana cha kujishikilia. Visha yale unayoyafikia ukiwa chini au kwenye ngazi imara inayoshikwa na mtu. Yaliyobaki yalinde kwa kuokota, na baada ya mavuno mtafute fundi wa kupogoa aushushe mti kidogo kidogo, si kwa mwaka mmoja.

Dalili ya tatu: embe ndani ya mfuko limepauka, lina ukungu au mchwa

Rangi iliyopauka si ugonjwa. Wekundu wa embe unatokana na mwanga, na mfuko umeuzuia. Wapo wanaofungua mifuko siku kadhaa kabla ya kuchuma ili embe lipate rangi. Mimi siwashauri wafanye hivyo inzi wakiwa wengi, kwa sababu ndizo siku ambazo embe linanukia kwao kuliko siku zote. Ni heri kuuza embe lililopauka na kumkatia mnunuzi moja aone ndani.

Ukungu mweusi unaofutika kwa kitambaa mara nyingi unatoka kwa wadudu weupe walionaswa ndani pamoja na embe, ambao hutoa majimaji ya sukari. Kagua kikonyo kabla ya kuvisha. Mchwa na siafu hupanda kwa shina. Ondoa majani makavu yanayougusa mti.

Dalili ya nne: nyanya ina tundu, au imelainika na kutoa maji

Kwenye nyanya lazima ujue mdudu kwanza, kwa sababu inzi si mtuhumiwa wa kwanza kama alivyo kwenye embe. Pasua nyanya tano juu ya sahani nyeupe na uangalie miguu.

Ukikuta kiwavi mwenye kichwa cha kahawia na miguu, mdogo chini ya sentimita moja, rangi ya maziwa, kijani au waridi, huyo ni kantangaze. Thibitisha kwenye majani: utaona mabaka yanayopitisha mwanga, kama jani limemenywa katikati ya tabaka zake mbili. Tundu lake kwenye nyanya mara nyingi liko chini ya kofia ya kijani, karibu na kikonyo. Kantangaze ana utaratibu wake wa kudhibitiwa, na hapa nitasema tu kwamba mtego wa inzi hautamkamata.

Ukikuta kiwavi mkubwa, hata sentimita 3 au 4, na tundu linaloingia kidole kidogo lenye kinyesi pembeni, huyo ni funza wa vitumba.

Ukikuta funza weupe wasio na miguu wala kichwa kinachoonekana, waliochongoka mbele na butu nyuma, wengi ndani ya tunda moja lililogeuka maji, hao ndio watoto wa inzi. Wakubwa wao ukiwaweka kwenye sahani watajikunja kama upinde na kuruka. Tundu la nje ni dogo sana, utaliona kama kidoa kilichobonyea. Na ukikuta kitako cha nyanya kimekuwa cheusi na kikavu kama ngozi, bila tundu na bila funza, usimtafute mdudu. Hilo ni tatizo la umwagiliaji usio sawa na upungufu wa kalsiamu kwenye tunda.

Vile vijiinzi vidogo sana vinavyozunguka nyanya zilizoiva jikoni usivihesabu. Vinafuata tunda lililokwisha kuharibika. Inzi wa matunda halisi ana ukubwa unaokaribia wa nyumbani, rangi ya kahawia au machungwa, kiuno kama cha nyigu na mabaka ya njano mgongoni.

Sasa, ikiwa ni inzi, wanatoka wapi? Inzi wa Asia anayetawala kwenye maembe aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Mwaka 2006 akaonekana Tanzania ndugu yake mwingine wa Asia anayependa jamii ya nyanya: ngogwe, nyanya chungu, bilinganya, pilipili na hata mnavu unaoota wenyewe. Kwa hiyo chanzo cha kwanza cha kukagua ni ngogwe za zamani pembeni ya bustani, zile zilizoachwa ziive na kuwa nyekundu kwa sababu bei ilianguka. Zipasue. Mara nyingi kitalu cha inzi kiko pale, hatua kumi kutoka kwenye nyanya unazozinyunyizia dawa. Ng'oa, kusanya matunda yote na uyaharibu, pamoja na mnavu wenye matunda.

Chanzo cha pili ni kuchelewa kuchuma. Nyanya inayoiva ikiwa bado kwenye mche inavutia zaidi. Chuma mara tu kitako kinapoanza kubadilika rangi, na rudi kila siku 2 au 3. Nyanya itamalizia kuivia ndani, mbali na inzi.

Kuvisha nyanya moja moja kwa ekari nzima haiwezekani, na asikudanganye mtu. Kwa bustani ya nyumbani, au mistari michache ya mbegu unayotaka kuitunza, visha kishada kizima kwa mfuko wa kitambaa cha neti chenye matundu madogo kama ya chandarua, baada ya maua ya kishada hicho kwisha. Nunua neti ya mita dukani. Chandarua chenye dawa cha kujikinga na malaria kibaki kitandani. Kazi yake ni kulinda watu, na dawa yake haikutengenezwa kugusa chakula. Weka pete ya waya au vijiti viwili ndani ili neti isilale juu ya nyanya, kwa sababu ileile iliyoonekana kwenye embe la Kent.

Dalili ya tano: naokota kila siku, lakini inzi hawapungui

Uliza kwanza matunda yanakwenda wapi baada ya kuokotwa. Karibu kila mara jibu ni moja kati ya haya: yanatupwa kwenye mpaka wa shamba, yanamwagwa kwenye lundo la mboji, au yanafukiwa kwenye shimo la kina cha jembe. Kote huko funza anamaliza kula kwa raha na kugeuka pupa. Mkulima anakuwa amewahamisha inzi wake kutoka chini ya mti na kuwapeleka mita ishirini, basi.

Shimo linafaa likiwa na kina cha kutosha. Kipimo si kina cha shimo bali udongo ulio juu ya tunda la mwisho: usipungue sentimita 50, ushindiliwe kwa miguu, na usipasuke ukikauka. Udongo mfinyanzi wa baadhi ya mabonde yetu hutoa nyufa jua likiwaka, na inzi mpya hupita humo, hivyo pitia shimo na kuziba.

Mahali ambapo ardhi ni ngumu mno kuchimbika kabla ya mvua, tumia jua. Weka matunda ndani ya mfuko mweusi mzito wa taka au kati ya karatasi mbili za nailoni nyeusi, tandaza yawe tabaka jembamba, ziba kingo zote kwa udongo, acha juani kama wiki 2. Lundo nene katikati linabaki baridi na funza wanaishi, kwa hiyo jembamba ni muhimu. Ukifungua na kukuta hata mmoja anajongea, funika tena. Mwenye nguruwe anaweza kuwapa matunda siku hiyohiyo, mradi yaliwe yote yasibaki yamekanyagwa kwenye udongo.

Uliza la pili: unaokota mara ngapi? Embe lenye funza huanguka likiwa tayari na funza wakubwa, na baadhi yao huanza kutoka muda mfupi baada ya kuanguka. Kuokota mara moja kwa wiki ni kuokota maganda matupu. Msimu ukiwa juu, okota kila siku, na usipungue mara 2 kwa wiki mwanzoni mwa msimu. Usisahau maembe yaliyoiva na kubaki juu ya mti baada ya mavuno. Hayo ndiyo yanayowabeba inzi kuingia Februari.

Uliza la tatu: je, udongo tayari umejaa? Chota udongo wa juu, sentimita 5 tu, kutoka chini ya mwavuli wa mti, upitishe kwenye chekeche la unga. Pupa watabaki juu, wa kahawia, kama punje za ngano. Ukiwakuta wengi, lima kijuujuu chini ya mti na waachie kuku waparue. Wanafanya kazi nzuri kuliko dawa ya udongo ambayo watu huuziwa.

Ukishafanya yote hayo kwa msimu mzima na hali haibadiliki, chanzo kiko ng'ambo ya uzio. Inzi hawa wanaruka mbali. Miembe ya jirani ambayo haiokotwi, mipera, na hata miti ya mung'ong'o porini inawalea. Hapa mtu mmoja hawezi. Peleka jambo kwenye kikao cha kitongoji ili mashamba yanayopakana yaokote siku zilezile na yatumie shimo moja lililochimbwa vizuri.

Kuhusu kunyunyizia dawa

Dawa inayonyunyiziwa juu ya tunda haimfikii funza aliye ndani. Ukiona funza, umeshachelewa kwa tunda hilo, na kunyunyizia embe linalochumwa kesho ni kumlisha mtu sumu. Mtego wenye harufu ya kuvuta madume hukuonyesha kama inzi wa maembe wamefika, lakini hauwavuti majike wanaotaga, na yule ndugu yake wa ngogwe haujali kabisa. Usitumie mtego mtupu kama ushahidi kwamba nyanya ziko salama.

Acha kila kitu na umwite afisa ugani wa kata kabla ya kununua kiuatilifu chochote usichokijua, na kagua kwenye lebo kwamba kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa zao lako na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mtu akinyunyizia kisha akapata kizunguzungu, mate mengi, macho kutoona vizuri au kutapika, mtoe shambani, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa maji na sabuni, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenye lebo. Usimtapishe na usimpe maziwa.

Ukimwita mtaalamu, mwandalie kitu cha kutazama. Funza wa inzi hawa wanafanana mno, na hata mwenye uzoefu hawezi kuwatofautisha kwa macho, ila inzi mzima anatambulika. Chukua ndoo, weka mchanga mkavu uliochekechwa sentimita 5, juu yake weka matunda matano yaliyodungwa juu ya kipande cha wavu wa waya ili yasizame kwenye majimaji yake, funika mdomo kwa neti na uufunge kwa mpira. Iweke kivulini. Baada ya wiki 2 chekecha mchanga, hamishia pupa kwenye chupa yenye mchanga mbichi kidogo iliyofunikwa kwa neti. Inzi wakitoka, waache siku 3 au 4 wapate rangi zao kamili, ukiwapa pamba yenye maji na sukari, kisha watie kwenye spiriti. Andika kwa penseli kwenye karatasi ndogo jina la zao, kijiji na tarehe ya kuokota, uitumbukize ndani ya chupa hiyohiyo. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, penseli inabaki.